Kunyambua Mara Kumi kwa Vipande Vitatu: Kanuni ya Leibniz Inavyofanya Kazi

Tarehe 11 Novemba 1675, Gottfried Wilhelm Leibniz, Mjerumani wa miaka 29 aliyekuwa akiishi Paris, alijiuliza swali katika karatasi zake za hesabu. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameanza kutumia alama ∫, ambayo hadi leo inaandikwa kwenye vitabu vya kalkulasi duniani kote. Swali lenyewe lilikuwa hili: ukizidisha vitu viwili vinavyobadilika, je, badiliko la zao lao ni sawa na mabadiliko yao yakizidishwa yenyewe kwa yenyewe?

Jibu ni hapana, na Leibniz mwenyewe aliliona. Kanuni sahihi ilitoka hadharani mwaka 1684 katika jarida la Acta Eruditorum la Leipzig, mji alikozaliwa. Lakini hakuishia hapo. Mwaka 1695, akiandikiana barua na mwanahisabati Johann Bernoulli, alieleza jambo jingine ambalo lilikuwa limejificha ndani ya kanuni hiyo: namna ya kunyambua zao la vitu viwili si mara moja tu, bali mara kumi, mara mia au mara yoyote mtu atakayo, bila kupita kila hatua ya katikati. Mwaka 1710 alilichapisha katika juzuu ya kwanza ya jarida la chama cha wanasayansi cha Berlin, ambacho yeye mwenyewe alikuwa rais wake wa kwanza. Hiyo ndiyo kanuni inayoitwa kwa jina lake leo, na mfano unaoionyesha vizuri kuliko yote ni x kipeo cha pili ikizidishwa kwa funksheni ya aina ya e.

Kwanza, shamba linalopanuka

Kunyambua ni kutafuta kasi ya badiliko. Ukijua gari limefika wapi kila wakati, kinyambuo cha kwanza kinakupa mwendo wake, na kinyambuo cha pili kinakupa mchapuko, yaani mwendo wenyewe unaongezeka au unapungua kwa kasi gani. Kinyambuo cha tatu ni kasi ya badiliko la mchapuko, na kuendelea. Kila mara unachukua jibu ulilolipata na kulinyambua tena.

Sasa fikiria shamba la mstatili lenye urefu wa meta 20 na upana wa meta 10. Eneo lake ni meta za mraba 200. Mwenye shamba anasogeza mipaka kidogo: urefu unaongezeka sentimeta 2 na upana sentimeta 1. Eneo limeongezeka kiasi gani?

Kuna ukanda mmoja mwembamba upande wa urefu, wenye meta 10 kwa sentimeta 2, ambao ni meta za mraba 0.2. Kuna ukanda wa pili upande wa upana, wenye meta 20 kwa sentimeta 1, nao pia ni 0.2. Halafu kuna kijipembe kilichobaki mahali kanda hizo mbili zinapokutana, chenye sentimeta 2 kwa sentimeta 1, ambacho ni meta za mraba 0.0002 tu. Jumla ni 0.4002. Karibu ongezeko lote limetoka kwenye kanda mbili, na kadiri mipaka inavyosogezwa kidogo zaidi ndivyo kile kijipembe kinavyozidi kukosa maana.

Anayezidisha badiliko kwa badiliko anapata kijipembe peke yake. Ameacha kanda zote mbili na kuchukua sehemu ambayo ingefaa kutupwa. Kanuni sahihi inachukua kanda zile mbili: kinyambuo cha zao uv ni badiliko la u likizidishwa kwa v, kuongeza u ikizidishwa kwa badiliko la v. Kwa alama:

(uv)′ = u′v + uv′

Kila kitakachofuata katika makala hii kinatokana na mstari huo mmoja.

Kuifanya kazi kwa mkono

Tuchukue funksheni x²e³ˣ, nasi tunatakiwa kupata kinyambuo chake cha kumi. Herufi e ni ile namba ya karibu 2.718 yenye tabia ya pekee: eˣ ikinyambuliwa inabaki eˣ ile ile. Ikiwa ni e³ˣ, kila unaponyambua inabaki vile vile lakini inazidishwa kwa 3. Mara ya kwanza unapata 3e³ˣ, mara ya pili 9e³ˣ, mara ya tatu 27e³ˣ. Haichakai kamwe.

Kwa upande mwingine, x² inachakaa haraka. Kinyambuo chake cha kwanza ni 2x, cha pili ni 2, cha tatu ni 0, na kuanzia hapo vyote ni sifuri.

Mwanafunzi asiyejua njia ya mkato ataanza kunyambua hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza inatoa e³ˣ(3x² + 2x). Ya pili inatoa e³ˣ(9x² + 12x + 2). Ya tatu inatoa e³ˣ(27x² + 54x + 18). Kila hatua inamlazimu azidishe kila kilichomo kwenye mabano kwa 3, kisha anyambue yaliyomo, kisha ajumlishe vinavyofanana. Namba zinakua haraka. Akikosea kujumlisha katika hatua ya nne, kosa hilo litazidishwa kwa 3 mara sita kabla ya kufika mwisho, na hakuna kitakachomwonya njiani.

Hata hivyo, hatua hizo tatu zina jambo la kutazama kwa makini. Hakuna mahali ambapo mabano yamekuwa na vipande zaidi ya vitatu: kimoja chenye x², kimoja chenye x, na namba tupu. Tungeendelea hadi hatua ya mia, vingebaki vitatu vile vile. Kinachobadilika ni namba zilizo mbele yake tu. Kwa hiyo swali zima la kinyambuo cha kumi ni swali la namba tatu.

Nani anaguswa, na mara ngapi

Kanuni ya zao inasema kwamba kila unaponyambua, mmoja kati ya u na v anaguswa huku mwenzake akibaki alivyo, na unajumlisha njia zote mbili. Ukinyambua mara ya pili, kila kipande ulichopata kinagawanyika tena kwa njia hiyo hiyo. Kutoka u′v unapata u″v na u′v′. Kutoka uv′ unapata u′v′ na uv″. Kipande u′v′ kimetokea mara mbili, na ndiyo maana kinyambuo cha pili kina namba 2 katikati:

(uv)″ = u″v + 2u′v′ + uv″

Mtu aliyewahi kufungua mabano ya (a + b)² atakumbuka a² + 2ab + b². Namba ni zile zile: 1, 2, 1. Ukinyambua mara ya tatu zinakuja 1, 3, 3, 1, kama zinavyokuja kwa (a + b)³. Ulinganifu huo ndio Leibniz aliouona na kuufanya kichwa cha makala yake ya 1710, akilinganisha vipeo vya jumla na vinyambuo vya zao. Si bahati nasibu. Katika kufungua mabano unachagua a au b kutoka kila bano. Katika kunyambua unachagua nani aguswe katika kila hatua. Kuhesabu ni kule kule.

Chukua hatua kumi zetu. Tunataka kujua kipande ambacho x² imeguswa mara mbili kamili kina namba gani mbele yake. Hiyo ni kuuliza: kati ya hatua kumi, kuna njia ngapi za kuchagua hatua mbili ambazo x² itaguswa, huku nane zilizobaki zikiangukia e³ˣ? Hatua ya kwanza kati ya hizo mbili inaweza kuchaguliwa kwa njia 10, na ya pili kwa njia 9, ambazo ni 90. Lakini kuchagua hatua ya nne na ya saba ni sawa na kuchagua ya saba na ya nne, kwa hiyo tunagawa kwa 2 na kupata 45.

Namba hizi zinapatikana pia katika pembetatu ya Pascal, iliyopewa jina la Mfaransa Blaise Pascal aliyeandika kitabu juu yake katika karne ya 17, ingawa al-Karaji wa Baghdad alikuwa ameshaishughulikia yapata miaka mia sita kabla yake. Kila namba katika pembetatu hiyo ni jumla ya namba mbili zilizo juu yake. Ni jambo lile lile tuliloliona hivi punde, pale kipande u′v′ kilipofikiwa kutoka pande mbili.

Ikiandikwa kwa ukamilifu, kanuni ya Leibniz kwa kinyambuo cha n ni hii:

(uv)⁽ⁿ⁾ = uv⁽ⁿ⁾ + n·u′v⁽ⁿ⁻¹⁾ + [n(n−1)/2]·u″v⁽ⁿ⁻²⁾ + … + u⁽ⁿ⁾v

Alama ndogo zilizo kwenye mabano juu ya herufi zinaonyesha idadi ya mara kitu kilichonyambuliwa. Katika kila kipande, mara za u zikijumlishwa na mara za v lazima zitoe n.

Jibu lenyewe

Kwa n = 10, kanuni kamili ina vipande kumi na kimoja. Lakini u yetu ni x², nayo inakufa ikiguswa mara tatu. Vipande vinane vya mwisho, vyote ambavyo x² imeguswa mara tatu au zaidi, ni sifuri. Hatuna haja hata ya kuviandika. Vinabaki vitatu.

Cha kwanza: x² haikuguswa kabisa, na e³ˣ imeguswa mara kumi. Kizidishi ni 1. Tatu kipeo cha kumi ni 59,049, kwa hiyo kipande ni 59,049x²e³ˣ.

Cha pili: x² imeguswa mara moja na kuwa 2x, na e³ˣ imeguswa mara tisa. Kizidishi ni 10. Tatu kipeo cha tisa ni 19,683. Kumi mara 2x mara 19,683 ni 393,660x.

Cha tatu: x² imeguswa mara mbili na kuwa 2, na e³ˣ imeguswa mara nane. Kizidishi ni 45. Tatu kipeo cha nane ni 6,561. Arobaini na tano mara 2 mara 6,561 ni 590,490.

Kinyambuo cha kumi cha x²e³ˣ ni:

e³ˣ(59,049x² + 393,660x + 590,490)

Namba zote tatu zinagawanyika kwa 6,561, kwa hiyo jibu linaweza kuandikwa kwa ufupi zaidi kama 6,561e³ˣ(9x² + 60x + 90). Na kwa kuwa hakuna tulichofanya ambacho kilihitaji iwe kumi hasa, tunaweza kuacha n kama ilivyo na kupata kanuni ya kila daraja kwa pamoja:

3ⁿ⁻²·e³ˣ(9x² + 6nx + n(n−1))

Weka n = 3 katika mstari huo. Unapata 3e³ˣ(9x² + 18x + 6), ambayo ni e³ˣ(27x² + 54x + 18), sawasawa na ile tuliyoipata kwa mkono katika hatua ya tatu.

Makosa yanapoingilia

Kosa la kwanza na la kawaida ni kusahau vizidishi. Mwanafunzi anakumbuka kwamba kuna vipande vitatu, anakumbuka vinyambuo, lakini anaandika 2 mara 6,561 na kupata 13,122 pale ambapo pangekuwa na 590,490. Tofauti ni ya mara 45, lakini sura ya jibu inabaki ile ile, na jicho peke yake haliwezi kugundua.

Kuna njia rahisi ya kugundua. Weka x = 0 katika jibu, kisha lilinganishe na njia nyingine. Funksheni e³ˣ inaweza kuandikwa kama mfululizo usio na mwisho: 1 + 3x + 9x²/2 + 27x³/6, na kuendelea, ambapo kipande chenye x⁸ kina 3⁸ ikigawanywa kwa faktoria ya 8. Ukizidisha mfululizo huo kwa x², kipande hicho kinakuwa cha x¹⁰. Ukinyambua mara kumi kisha ukaweka x = 0, vipande vyote vingine vinapotea. Kinachobaki ni 3⁸ mara faktoria ya 10 gawanya kwa faktoria ya 8. Faktoria ya 10 gawanya kwa faktoria ya 8 ni 10 mara 9, yaani 90. Tisini mara 6,561 ni 590,490. Njia mbili tofauti kabisa zimefika mahali pamoja.

Kosa la pili ni kukosea kipeo cha 3. Wapo wanaoweka 3¹⁰ katika vipande vyote vitatu, kana kwamba e³ˣ imeguswa mara kumi kila mahali. Dawa yake ni kuhesabu mara katika kila kipande: sifuri na kumi, moja na tisa, mbili na nane. Ikiwa jumla si kumi, kipande hicho kina kasoro.

Kosa la tatu ni kubwa zaidi, na linatokea pale ambapo e imebeba kitu kingine kisicho 3x. Kwa mfano eˣ ikiwa na x² juu yake, yaani e^(x²), si kitu kinachobaki vile vile kikinyambuliwa. Kinyambuo chake cha kwanza kinakuja na 2x mbele, na cha pili kinakuja na 4x² + 2. Kanuni ya Leibniz bado ni kweli kwa x²e^(x²), na vipande vitatu ndivyo vitakavyobaki, lakini itakubidi kwanza utafute vinyambuo vya nane, vya tisa na vya kumi vya e^(x²) kwa njia nyingine. Kanuni inashughulikia zao. Haikurahisishii kilichomo ndani ya kila mzidishwa.

Inapofaa na inaposhindwa kusaidia

Nguvu ya kanuni hii kwa mtu anayehesabu kwa mkono inategemea mambo mawili: mmoja wa wazidishwa achakae haraka, na mwingine awe na vinyambuo vinavyojulikana kwa kila daraja. Ndiyo maana x² na e³ˣ vinapatana sana. Vivyo hivyo x² sin x. Sine inazunguka kila baada ya kunyambuliwa mara nne, kwa hiyo kinyambuo cha ishirini cha x² sin x kinatoka kwa mistari michache: x² sin x − 40x cos x − 380 sin x. Namba 40 ni 20 mara 2, na 380 ni 190 mara 2, ambapo 190 ni njia za kuchagua hatua mbili kati ya ishirini.

Hali ni tofauti kwa eˣ sin x. Hapo hakuna anayechakaa. Kwa kinyambuo cha nne itabidi uandike vipande vyote vitano, vyenye vizidishi 1, 4, 6, 4, 1. Ukiviandika vyote, vile vyenye cosine vinafutana na jibu linakuwa −4eˣ sin x. Kanuni imetoa jibu sahihi, lakini kwa daraja la hamsini ungelazimika kuandika vipande hamsini na kimoja, na njia nyingine zingekuwa fupi zaidi.

Mipaka yake ya ndani nayo ni ya kujua. Kanuni inadai kwamba wazidishwa wote wawili wanaweza kunyambuliwa mara zote zinazohitajika. Chukua x ikizidishwa kwa ukubwa wake, yaani x|x|. Grafu ya |x| ina kona kali pale kwenye sifuri, kwa hiyo haina kinyambuo mahali hapo, na kanuni ya zao haina la kusema. Hata hivyo zao lenyewe linanyambulika pale pale, na kinyambuo chake ni 2|x|. Kanuni ikikataa kutumika, haimaanishi kwamba kinyambuo hakipo. Inamaanisha kitafutwe kwa njia nyingine.

Kutoka karatasini hadi ndani ya atomu

Mtu anaweza kuuliza nani anahitaji kunyambua kitu mara nyingi namna hiyo. Jibu moja limo ndani ya atomu ya haidrojeni.

Katika karne ya 19, Mfaransa Edmond Laguerre alichunguza polinomia ambazo leo zinaitwa kwa jina lake. Zinapatikana kwa kuchukua kipeo cha x kikizidishwa kwa e⁻ˣ na kukinyambua mara kadhaa. Ya daraja la pili inatokana na x²e⁻ˣ, ndugu wa mfano wetu, ikinyambuliwa mara mbili. Kanuni ya Leibniz inatoa x² kwa kipande cha kwanza, 2 mara 2x mara −1 kwa cha pili, na 2 kwa cha tatu. Jumla ni e⁻ˣ(x² − 4x + 2). Ondoa e⁻ˣ, gawa kwa 2, na polinomia ya Laguerre ya daraja la pili iko mezani.

Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alichapisha mlinganyo wake unaoeleza tabia ya elektroni, na akautatua kwa haidrojeni. Majibu yake yamejengwa kwa polinomia za familia hiyo ya Laguerre. Tutazame hali moja, ile ambayo wanafizikia wanaiita 3s. Polinomia inayohusika inatokana na x³e⁻ˣ ikinyambuliwa mara mbili. Hapa u ni x³, kinyambuo chake cha kwanza ni 3x² na cha pili ni 6x. Upande wa e⁻ˣ, kila kunyambua kunageuza alama ya kujumlisha na kutoa. Kwa vizidishi 1, 2, 1 tunapata:

e⁻ˣ(x³ − 6x² + 6x)

Tukiondoa e⁻ˣ na x moja, inabaki x² − 6x + 6. Polinomia hiyo inakuwa sifuri mahali pawili: x ikiwa karibu 1.27, na x ikiwa karibu 4.73.

Katika mlinganyo wa Schrödinger, x ya hali hii si umbali wenyewe. Ili kupata umbali kutoka kwenye kiini, x inazidishwa kwa moja na nusu, kisha kwa kipimo kinachoitwa nusukipenyo ya Bohr, ambacho ni karibu nanometa 0.053. Mahali pa kwanza pako kwenye nusukipenyo 1.90 za Bohr, yaani karibu nanometa 0.10 kutoka kwenye kiini. Mahali pa pili pako kwenye nusukipenyo 7.10, karibu nanometa 0.38. Katika umbali huo, uwezekano wa kuikuta elektroni ya hali ya 3s ni sifuri. Ni tufe mbili tupu, moja ndani ya nyingine, zikizunguka kiini cha atomu, na mipaka yake imetoka kwenye vizidishi 1, 2, 1.

Tukigeuza namba hizo kwa makosa na kusahau ile 2 ya katikati, polinomia ingekuwa x² − 3x + 6, ambayo haifiki sifuri kwa namba yoyote halisi ya x. Tufe zote mbili zingetoweka katika hesabu, na maelezo ya atomu yangekuwa si ya kweli.

Zoezi kwa msomaji

Anayetaka kuijaribu kanuni hii achukue kalamu na atafute kinyambuo cha tano cha x³e²ˣ. Safari hii x³ inakufa ikiguswa mara nne, kwa hiyo vipande vinavyobaki ni vinne, na vizidishi vyake ni 1, 5, 10 na 10. Upande wa e²ˣ, vipeo vya 2 vinashuka kutoka 32 hadi 16, 8 na 4. Aandike kila kipande kwenye mstari wake, ahakikishe mara za kunyambua zinajumlika kuwa tano, kisha ajumlishe. Mwisho aweke x = 0 na kulinganisha na njia ya mfululizo: kipande cha x³ katika x³e²ˣ kinatoka kwenye 1, cha x⁴ kinatoka kwenye 2x, na cha x⁵ kinatoka kwenye 4x²/2, ambayo ni 2x². Mbili mara faktoria ya 5 ni 240. Jibu kamili ni e²ˣ(32x³ + 240x² + 480x + 240).